Jipu la MRSA: Septrini na doksi si dawa dhaifu

"Daktari, Septrini ni ya wenye virusi. Niandikie ile ya nguvu." Nimeambiwa hivyo tena wiki hii, na sasa naona heri niyaandike.

Hiyo "ya nguvu" ni amoksiklavu. Aliyeitaka ni mzee anayeendesha tuktuk Likoni, na alikuwa ameshaimeza siku nne kutoka kwa kemisti huku jipu la pajani likizidi kuvimba. Klavulanati iliyomo hukinga penisilini isivunjwe na kimeng'enya cha bakteria. Lakini ukaidi wa MRSA, yaani stafilokokasi sugu kwa dawa za jamii ya penisilini, hautoki hapo. Jeni yake ya mecA humpa bakteria protini nyingine ya kujengea ukuta wake, na dawa za jamii ya penisilini haziishiki sawasawa. Ndiyo maana amoksiklavu, flukloksasilini na sefaleksini huanguka pamoja. Kuongeza dozi au kununua ya bei ghali hakubadilishi kitu.

Jipu lile lilikuwa na upana wa kama sentimita 5, katikati laini, ngozi imeanza kuwa nyembamba. Nilipiga ganzi, nikapasua, nikaingiza koleo na kuvunja vyumba vya ndani, maana usaha hujificha kwenye vijichumba na ukikamua kwa juu tu unaviacha. Nikachukua usaha wenyewe kupeleka maabara, si unyevunyevu wa juu ya ngozi.

Hapa ndipo ninapokosa subira na wanaotaka vidonge bila kisu. Kotrimoksazoli, yaani Septrini, humnyima bakteria foleti, na bila foleti hawezi kutengeneza thimidini ya kujengea DNA yake. Lakini usaha umejaa chembe nyeupe zilizokufa, na DNA zao zina thimidini tele. Stafilokokasi ana kimeng'enya cha kukatakata DNA hiyo, kisha anaiokota thimidini iliyo tayari. Ukimwagia Septrini jipu ambalo halijapasuliwa, unazuia mlango mmoja huku chakula kikimfikia kwa mwingine. Halafu tunasema dawa ni dhaifu! Toa usaha kwanza, ndipo uihukumu.

Majibu yalirudi siku ya tatu: sefoksitini R, yaani sugu; tetrasaiklini, jamii ya doksi, S, yaani inasikia dawa; kotrimoksazoli S. Sefoksitini hupimwa kwa sababu huonyesha vizuri kama kuna mecA. R hapo maana yake ni MRSA, hata kama mgonjwa hajawahi kuitumia.

Septrini na doksi zote mbili zilifaa kwa karatasi, lakini kwa mzee huyu hazikuwa sawa. Anameza losatani na spironolaktoni. Trimethoprimu iliyomo kwenye Septrini huzuia figo kutoa potasiamu, na zote mbili alizonazo hupandisha potasiamu. Kwa mzee, mchanganyiko huo unaweza kusimamisha moyo bila onyo la kutosha. Kwa hiyo nilimpa doksisaiklini, ndiyo doksi, miligramu 100 asubuhi na jioni kwa siku 7. Nikamwambia anywe na glasi nzima ya maji akiwa wima, asilale mara moja, asichanganye na vidonge vya kuongeza damu wala dawa ya kiungulia, na avae mikono mirefu barabarani, kwani doksi na jua la Mombasa huunguza ngozi.

Angekuwa mjamzito au mtoto mdogo, ningeiepuka doksi, na hata Septrini kwa mjamzito ingehitaji kufikiriwa, hasa mwanzoni na mwishoni mwa mimba. Aliyewahi kutoka malengelenge kwa dawa za salfa hapewi Septrini kabisa. Na anayemeza Septrini kila siku kama kinga, kisha jipu likamtoka humo humo, namshuku bakteria kuwa ameizoea, naelekea doksi hadi majibu yaje. Dozi ya Septrini nayo huwapoteza wengi: kwa jipu ni vidonge 2 vya miligramu 480 mara mbili kwa siku, si mara moja kama ya kinga.

Nina wasiwasi wangu, nao nausema. Jaribio kubwa la 2016 la Marekani lilitumia dozi maradufu ya hiyo, na baada ya kupasuliwa walipona kama 80 kati ya 100 kwa Septrini, na 74 kwa dawa bandia. Jaribio la 2017, kwa dozi hii ya kawaida, lilikuwa 82 dhidi ya 69. Faida ipo, lakini wengi walipona kwa kisu peke yake. Na doksi haikuwamo katika majaribio hayo. Naitumia kwa kuwa huzuia MRSA kukua maabara na imetusaidia kliniki, si kwa kuwa imethibitishwa kwa kiwango kile.

Mzee alirudi siku ya pili ya doksi kubadilishiwa chachi: uvimbe umepungua, usaha kidogo. Lau wekundu ungekuwa unatambaa au angepata homa, nisingekimbilia kubadilisha dawa. Ningeingiza koleo tena kutafuta chumba kilichosalia, na homa ikipanda, ningempeleka hospitali siku hiyo hiyo.