Lenga tukio linalotosha kufundisha mfumo

"Mimi nauza asali hapa Tabora, nataka mauzo, si mibofyo. Kwa nini nisichague Purchase, yaani tukio la ununuzi, kama lengo la tangazo langu?"

Kwa sababu mfumo wa matangazo wa Meta hausomi nia yako, unajifunza kwa mifano. Kundi moja la matangazo huhitaji takriban matukio 50 ya aina uliyochagua ndani ya siku 7 ili litulie. Tuseme kwa wiki unapata oda 6, wanaoanza kulipa 25 na wanaotia kapuni 60. Kwa oda 6 utaona maandishi "Learning limited", yaani mifano haitoshi kujifunza, na gharama ya kila oda itapanda na kushuka ovyo.

Kwanza angalia kama umezigawa oda hizo kwenye makundi matatu. Yaunganishe. Zikiwa bado chache, shuka ngazi hadi AddToCart, yaani kutia kapuni, usiende hadi kutazama ukurasa, maana watazamaji ni wengi na wengi wao hawana haja ya asali.

Hapo ndipo watu huteleza: wanashangilia kapu na kusahau oda. Wewe hesabu uwiano. Sasa hivi kapu 10 huzaa oda 1. Baada ya wiki mbili au tatu, kapu zikifika 120 kwa wiki na oda zikabaki 6, umeletewa watu wa kujaza kapu tu. Panda hadi InitiateCheckout, yaani kuanza kulipa, ambako mteja ameshapita hatua ya kujaza kapu tu. Oda zikikaribia 50 kwa wiki, rudi Purchase.