Dakika 10 za Kijiweni: Kitabu Kifupi Kipi Kinakubali Kukatwa?

Nimekuwa mkutubi hapa Dodoma kwa miaka mingi, na swali ninaloulizwa zaidi na watu wazima ni hili: "Nipe kitabu kifupi, muda sina." Zamani nilikuwa nikienda moja kwa moja kwenye rafu ya hadithi fupi. Siku hizi kwanza namuuliza mtu muda wake ukoje, maana nimegundua kwamba kwa mwenye dakika 10, hadithi fupi mara nyingi humsumbua kuliko novela, yaani riwaya fupi.

Aliyenifundisha hilo ni dereva wa bajaji wa kijiwe kimoja upande wa Nkuhungu. Pale wanapakia kwa zamu. Bajaji yake ikiwa ya tatu au ya nne kwenye foleni, ana dakika 10 hivi kabla ya kuitwa, na kwa siku anapata nafasi kama hiyo mara tatu. Alichukua mkusanyo wa hadithi fupi, akakaa nao wiki mbili, akaurudisha umefungwa kwenye gazeti ili vumbi lisiuingie. Nilimuuliza ameuonaje. Akasema, "Mama, hiki kitabu kila siku kinanirudisha nyuma. Nikikifungua, sikumbuki nilikuwa wapi. Naanza tena."

Nilimwomba akae mezani kwangu asome kimya huku nikiangalia saa. Ukurasa wa kitabu kile ulikuwa na mistari kama 30, kila mstari maneno 9 hivi, yaani maneno 270. Alikuwa akifuata mstari kwa kidole, na alitumia dakika 2 kamili. Basi dakika 10 ni kurasa 5? Hapana. Dakika moja inakwenda kwenye kukumbuka ulikoishia, na nyingine kwenye kushtuka, kutazama foleni na kutafuta mahali pa kuachia. Kilichobaki ni dakika 8, yaani kurasa 4.

Hadithi aliyokuwa anahangaika nayo ilikuwa na kurasa 11. Alihitaji vikao vitatu kuimaliza. Na hadithi fupi, kwa jadi yake, haikuandikwa kwa ajili ya vikao vitatu. Edgar Allan Poe, Mmarekani aliyeandika sana juu ya utanzu huu, alisema mwaka 1842 kwamba hadithi fupi ni ile inayosomwa kwa nusu saa hadi saa moja au mbili, na kwamba nguvu yake inatokana na kusomwa kwa mkao mmoja. Mwandishi anakuwekea jambo dogo ukurasa wa pili, kisha analigeuza ukurasa wa kumi. Ukilisoma lile dogo asubuhi na geuzo ukalikuta jioni, baada ya abiria 20 na ugomvi wa chenji, dogo lile limekwisha kupotea. Mwisho unausoma, lakini haukupigi.

Chukua mfano wa "Tumbo Lisiloshiba", hadithi ya Said Ahmed Mohamed iliyoupa jina mkusanyo wa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine wa mwaka 2016. Wakazi wa Madongoporomoka wana wasiwasi juu ya ardhi yao. Kisha jitu moja linaingia kwenye mkahawa wa Mzee Mago na kuanza kula. Ukikatiza kusoma kabla jitu halijaingia, umekata vizuri, kwa sababu wasiwasi wa mtaa umekwisha kujengeka na wewe unabaki nao mchana kutwa. Ukikata jitu likiwa katikati ya mlo, umeharibu. Kula kule kunatisha kwa sababu hakukomi, na wewe umekukomesha. Kwa hiyo hadithi ile inakatika mahali pamoja tu, na msomaji mgeni hawezi kupajua kabla hajaisoma.

Mkusanyo wa waandishi wengi una gharama nyingine. Kila hadithi ni mtaa mpya, majina mapya, sauti mpya, na kurasa mbili za mwanzo zinaishia kwenye kuzoea tu. Kwa mwenye kurasa 4, hiyo ni nusu ya kikao. Mkusanyo wa mwandishi mmoja, kama Kicheko cha Ushindi cha Mohamed Suleiman Mohamed cha mwaka 1978, unapunguza gharama hiyo kidogo, kwa kuwa ukishaizoea lugha yake huanzi tena sifuri.

Nilichompa yule dereva ni Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951. Alikunja uso. Alikuwa amesikia ni kitabu cha shule na kigumu. Nilimwonyesha jinsi kilivyojengwa. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno mbele ya mfalme, kosa lake ni kufundisha sheria. Anapopewa nafasi ya kujitetea, anasimulia habari za wajumbe 6 waliotumwa pande 6: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe ana safari yake, ana alichokiona huko, na ana yaliyomkuta aliporudi. Hadithi zimo ndani ya kesi, na kesi inasubiri. Ukiondoka baada ya mjumbe mmoja, hukuvunja kitu. Umefanya kama baraza lenyewe linavyofanya linapoahirisha kesi mpaka kesho.

Hapo ndipo ninapotazama siku hizi ninapochagua: je, kitabu chenyewe kina mahali kinapopumzika? Idadi ya kurasa inakuja baadaye. Nakala tuliyotumia ilikuwa na kurasa kama 60, kwa hiyo kwa kurasa 4 kila kikao ni vikao 15, na kwa zamu tatu kwa siku ni siku 5. Hesabu hiyo ilimtuliza kuliko maneno yangu yote.

Haikwenda sawa mara moja, na nilikosea mimi. Nilimwacha aanze kitabu kijiweni. Mwanzo wa Kusadikika ni mzito. Nchi inaelezwa, nchi iliyo angani ambayo mipaka yake ni pepo, kisha yanafuata mashtaka kwa sentensi ndefu za baraza. Dakika 8 hazikutosha kumwingiza ndani. Siku ya tatu alikuwa bado yuko mlangoni. Nikamwambia asimame, akisome kile kipande cha mwanzo nyumbani Jumapili jioni kwa nusu saa nzima, hadi Karama aanze kujitetea, halafu ndipo akirudishe kitabu kwenye bajaji. Tangu hapo namwambia kila msomaji wa aina yake: kikao cha kwanza kiwe kirefu, vinavyofuata vitajimudu.

Tatizo la pili lilikuwa majina. Wajumbe wanaitwa Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Yote ni majina ya sifa njema, yote yanakwenda mwendo mmoja, na mtu anayesoma vipandevipande anayachanganya. Alinisimulia safari ya mmoja kwa jina la mwingine, tena kwa uhakika kabisa. Tukakata kipande cha boksi la biskuti, upana wa vidole vitatu, kiwe alama ya ukurasa. Upande mmoja aliandika majina 6, na mbele ya kila jina upande aliotumwa mjumbe huyo, akiandika kadiri alivyofika. Upande wa pili aliandika jambo la mwisho lililotokea, kwa maneno yasiyozidi saba, kisha analikata na kuandika jipya. Nakumbuka moja: "Amerudi. Wamemfunga. Mwingine anaanza." Kwa maneno hayo anaweza kukaa siku mbili bila kufungua kitabu na bado akajua aliko.

Mahali pa kukatia pia tulipazungumza. Namshauri mtu aache pale mtu anapoingia au kuondoka, jua linapozama, safari inapoanza au kufika. Asiache katikati ya majibizano, hasa katika vitabu vyetu vya zamani ambako mazungumzo yanakwenda marefu bila kutajwa tena nani anasema. Ukirudi unakuta mtu anafoka na hujui ni nani. Na akikuta bajaji yake inaitwa akiwa katikati ya majibizano, arudi mwanzo wa mazungumzo hayo, si mwanzo wa ukurasa. Maneno magumu ayaandike kwenye boksi tu, ayatafute usiku. Kamusi inakula dakika mbili kwa kila neno.

Sasa kuna kosa ambalo hata wenzangu wa kazi hulifanya, la kudhani kila novela ndogo inafaa. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990, haifiki kurasa 100. Ni kitabu ninachokipenda sana, lakini simpi mtu wa dakika 10. Msimulizi anatembea kama aliye ndotoni, mahali panageuka bila taarifa, na wazo la ukurasa mmoja linajibiwa kurasa nyingi mbele. Hakuna pa kutua. Ukikikata, hujui umekata nini. Mzingile, kilichofuata mwaka 1991, ni hivyohivyo. Hivi ni vitabu vya usiku, taa ikiwaka na watoto wamelala.

Hadithi za upelelezi nazo nazitoa kwa tahadhari. Sura zake zinaisha kwa kishindo, kwa hiyo zinaonekana zimekatwa tayari. Lakini hadithi za mpelelezi Bwana Msa, za Muhammed Said Abdulla, zinategemea wewe ukumbuke kitu kidogo kilichosemwa mapema, na mwenye vikao 40 hakikumbuki. Afadhali Kurwa na Doto ya Muhammed Saleh Farsy, ya mwaka 1960: ni fupi, iko kijijini Unguja, wahusika wakuu ni mapacha wawili wenye tabia tofauti, na mambo yake ni ya maisha ya kila siku. Huwezi kupotea humo.

Dereva wangu alimaliza Kusadikika kwa siku 9, si 5, kwa sababu mvua mbili zilileta abiria wengi. Alipokirudisha nilimpa Adili na Nduguze, ya mwandishi huyohuyo, iliyotoka mwaka 1952, nayo ina hadithi ndani ya hadithi. Juzi alinipigia simu kutoka kijiweni. Alikuwa amefika pale Adili anapowachapa manyani wawili usiku, kwa siri, na haijasemwa kwa nini. Zamu yake imeitwa, abiria wa Ihumwa amekwisha kupanda.

"Mama, niambie tu ni kwa nini anawapiga."

Nilikataa. Nikamwambia aandike kwenye boksi: "Manyani wawili. Mjeledi. Kwa nini?"

Nikasikia bajaji ikiwaka.