Hiyo "ni" umeitia ya nini? Dhana potofu kuhusu ni, si, yu na kuwa

Chukua meseji kama hii, maana zipo nyingi za namna hii: "Habari zenu, mimi ni naitwa Zuhura, naomba ruhusa kesho, mtoto wangu ni ana homa, jana alikuwa ni mzima leo anakuwa mgonjwa na ni yuko kitandani, daktari amesema kuwa homa ya kawaida."

Ukisoma haraka unaelewa kila kitu, wala huna shida na Zuhura. Lakini ukiangalia vizuri utaona "ni" imeingia mara nne pasipo na kazi, halafu pale mwisho ilipohitajika kweli haipo. Ngoja tuipitie polepole.

Dhana: kila sentensi ya Kiswahili lazima iwe na "ni", ukiitoa umekosea.

Hapana bwana. Unamuulizaje mtu jina? "Jina lako nani?" Naye anajibu "Jina langu Zuhura." Ni sawa kabisa. "Huyu nani?", "saa ngapi?", "akili nywele, kila mtu ana zake", "hasira hasara", zote hazina "ni" na hakuna mtu aliyewahi kulalamika. Pande mbili zikikaa jirani na maana ikawa wazi, Kiswahili kinaziacha zishikane zenyewe.

Shida inakuja pale maana isipokuwa wazi. "Mtoto mgonjwa" ukiandika hivyo tu, msomaji anabaki anasubiri: mtoto mgonjwa amefanyaje? Amelala? Amepelekwa wapi? Ukiandika "mtoto ni mgonjwa" umemaliza habari. Kwa mdomo unaweza kujiokoa kwa kupumzika kidogo katikati, au kwa kugeuza mpangilio ukasema "mkorofi huyu mtoto!", ila kwenye maandishi hiyo sauti haipo, ndo maana "ni" inahitajika zaidi ukiandika kuliko ukiongea.

Dhana: "ni" inaweza kukaa mbele ya kitu chochote.

Hapa ndipo Zuhura alipoteleza. Angalia neno linalofuata baada ya "ni". Kama ni jina, sifa, idadi au kitenzi-jina ("kazi yangu ni kufundisha"), sawa. Kama ni neno ambalo tayari limebeba kiambishi cha mtenda mbele, yaani naitwa, ana, yuko, anakwenda, basi "ni" haina kiti pale. "Mimi naitwa", "mtoto ana homa", "yuko kitandani", imetosha, maana hiyo na-, a-, na yu- ndo imeshaunganisha mtu na habari yake.

Nadhani najua kosa linatokea wapi. Tunasema "jana nilikuwa naumwa", vitu viwili vimefuatana na ni sahihi, sasa mtu akirudi kwenye leo anaona kama "nilikuwa" inatakiwa kuachia nafasi yake kwa "ni", anapata "ni naumwa". Lakini leo haihitaji kitu cha kuonyesha wakati uliopita, kwa hiyo inabaki "naumwa" peke yake.

Ila usije ukamsahihisha mtu anayesema "ni yeye aliyekuja" au "ni nani anayegonga?" Hapo "ni" imemshika mtu, na kitenzi kimekuja nyuma kikiwa na urejeshi (-ye-). Hiyo iko sawa kabisa.

Na mahali je? "Juma ni nyumbani" haiendi, sema "Juma yuko nyumbani". Lakini "mkutano ni ukumbini", "nyumbani kwao ni Tanga", "harusi ni Jumamosi" zinaenda, kwa sababu hapo hatusemi kitu fulani kimekaa mahali, tunataja tukio litafanyika wapi au lini, au mahali penyewe panaitwaje.

Dhana: "yu" ni Kiswahili cha zamani, cha mashairi, hakuna anayekitumia.

Aisee, hii ndo inayonichekesha, maana anayesema hivyo dakika mbili baadaye anakusalimia "u hali gani?" Hiyo "u" unadhani ni nini? Ni ndugu yake yu kabisa. Ukoo mzima uko hivi: u mzima, yu mzima, tu wazima, wa wazima, halafu unaingia mpaka kwenye vitu: mlango u wazi, dirisha li wazi, chakula ki tayari. Ni vile viambishi vya kawaida vya mtenda, ila vimesimama peke yake bila kitenzi. Na yuko, yupo, yumo unazozitamka kutwa nzima zimejengwa juu ya yu hiyo hiyo.

Kwa hiyo mambo matatu. Kwanza, iandike mbali na sifa yake: "u hali gani", sio "uhali gani". Pili, yu ni ya mtu au mnyama mmoja, usiseme "kitabu yu mezani", sema kiko. Tatu, usiweke yu na ni pamoja, "yu ni mgonjwa" ni kofia mbili kichwa kimoja. Yu inapenda zaidi hali ya mtu: yu hai, yu tayari, yu macho. Ukitaka kusema kazi yake, "ni mwalimu" ndo inakaa vizuri.

Dhana: "anakuwa" ni "ni" iliyovaa suti.

Hapana, anakuwa maana yake anabadilika kuelekea huko. "Mtoto anakuwa mkubwa", yaani anakua, jana hakuwa hivyo. Mtoto wa Zuhura leo ni mgonjwa, basi. Kama ni jambo la kila siku sema "huwa mgonjwa baridi ikija". Kuwa inahitajika pale "ni" isipoweza kufika, kwa sababu "ni" haishiki nyakati: alikuwa, atakuwa, angekuwa, awe, usiwe, nataka kuwa daktari. Na ukishasema "alikuwa mzima" kiungo tayari kipo. "Alikuwa ni mzima" utaisikia sana, hata kwa watangazaji, sitagombana na mtu, ila ukiifuta hiyo "ni" hakuna kinachopotea.

Sasa ile ya mwisho ya Zuhura: "amesema kuwa homa ya kawaida". Hii kuwa siyo kiungo chetu, hii ni sawa na kwamba. Ibadilishe uone: "amesema kwamba homa ya kawaida". Inapwaya, si ndiyo? Ndo maana hapa "ni" inatakiwa: "amesema kuwa ni homa ya kawaida".

Dhana: "si" na "sio" ni kitu kimoja.

Kwenye kuongea, karibu ndiyo, sote tunasema sio, hata mimi juu huko nimeandika "sio". Kwenye sanifu "si" ndo kinyume cha ni: "huyu si mwalimu", hafundishi popote. Sio, siyo, siye, sicho ni upande wa pili wa ndio, ndiyo, ndiye, ndicho, zinakataa utambulisho: "huyu siye mwalimu tuliyemwona jana", mwalimu anaweza kuwa, ila si yule. Barua ya kazi andika si.

Halafu kuna "si" nyingine inayokaa mbele ya kitenzi na haikanushi chochote, ile ya "si nilikuambia?" Hiyo usiiguse.