Nywele Hazijagoma, Zinakatika

Kati ya malalamiko yote ninayoyasikia kitini kwangu, hili ndilo la kila wiki: "Dada, nywele zangu zimegoma. Mwaka wa pili zipo mabegani tu." Huwa sibishi. Nachukua rula.

Mteja mmoja alinirahisishia kazi kwa sababu alikuwa amepaka rangi ya kudumu mara moja tu, miezi 8 kabla. Siku ile nilimpima utosini, unywele ukiwa umenyooshwa, nikaandika sentimita 30. Aliporudi nikapima pale pale: 30. Kwa macho yake, hakuna kilichoota. Lakini rangi haidanganyi. Kati ya ngozi ya kichwa na pale rangi ilipoanzia palikuwa na sentimita 7 za nywele nyeusi, mpya kabisa. Kwa hiyo sehemu yenye rangi, iliyokuwa 30, ilikuwa imebaki 23. Sentimita 7 ziliota juu, 7 zikapotea chini.

Kasi yake, milimita 9 hivi kwa mwezi, ni ya kawaida. Wastani wa binadamu ni kama sentimita moja kwa mwezi, na nywele za kipilipili kwa wastani huwa chini ya hapo kidogo. Tena kipilipili hujikunja, kwa hiyo bila kuzinyoosha utapima mkunjo, si urefu.

Swali lake la pili lilikuwa zuri zaidi: kama zinakatika, mbona hazizidi kuwa fupi? Mbona zimesimama palepale?

Unywele ukishatoka kichwani hauna uhai, haujitibu. Ncha yake ndiyo sehemu kongwe kuliko zote. Kwa kasi yake, ncha iliyo sentimita 30 kutoka kichwani ina karibu miaka 3 ya kuchanwa, kuoshwa, kuunguzwa na pasi na kusuguliwa na kola. Kadiri nywele zinavyorefuka, ndivyo ncha zinavyozidi kuzeeka na kukatika kwa wepesi. Hufika mahali ambapo kinachokatika kwa mwezi kinalingana na kinachoota. Hapo ndipo "zinapogoma". Akizikata fupi, ncha zinakuwa changa, zinarefuka haraka hadi pale pale, kisha zinasimama tena. Watu wengi huuchukua urefu huo kama ukomo waliozaliwa nao. Ukomo wa kuzaliwa upo kweli: kila unywele hukua kwa miaka kadhaa, kwa kawaida 2 hadi 6, ukapumzika miezi kama 3, kisha ukang'oka. Ila kwa mwenye miaka 2 ya ukuaji na kasi ya sentimita moja kwa mwezi, huo ni urefu wa sentimita 24 hivi. Anayekwama kwenye sentimita 10 atafute sababu nyingine kwanza.

Nilimwomba aniletee nywele zote zilizobaki kwenye chanuo siku moja, tukazitandika juu ya kitambaa cheupe. Uliong'oka wenyewe huwa mrefu na una kijitone cheupe upande mmoja, pale ulipokuwa umekaa kwenye ngozi. Kupoteza 50 hadi 100 za namna hiyo kwa siku ni kawaida. Zake nyingi zilikuwa vipande vya sentimita 2 au 3, bila kijitone, na vingine vilikuwa na vidoti vyeupe katikati, mahali ambapo unywele umepasuka lakini haujaachia bado. (Zingekuwa nyingi zenye vijitone, au kipara kingeanza pembeni mwa paji, ningempeleka kwa daktari wa ngozi. Hilo si la rula yangu.)

Sababu hazikuwa siri: pasi kila wiki juu ya nywele zilizokwisha kudhoofishwa na rangi, na kuchana zikiwa kavu, kuanzia mizizi kushuka, hivyo kila fundo linasukumwa na kukazwa hadi linakatika. Nilimkata sentimita 3 za ncha zilizochanika, maana mchaniko hupanda juu ukiuacha. Pasi tukaiweka kando. Kuchana kukawa siku ya kuosha tu, nywele zikiwa na kondishena tele, kwa chanuo la meno mapana, kuanzia nchani kupanda juu. Mafuta ya kuotesha aliyokuwa amenunua sikumwambia ayatupe, ila kasi yake haikuwa na tatizo la kutibiwa.

Baada ya miezi 4 alikuja na uso umekunjamana. Amejipima nyumbani: 30 tena! Nikamketisha, nikapima sehemu mbili badala ya moja. Nyeusi: 10.5. Yenye rangi: 19.5. Baada ya mkasi ilikuwa imebaki 20. Katika miezi 4 alikuwa amepoteza nusu sentimita tu, yeye aliyekuwa akipoteza karibu sentimita moja kila mwezi.

Alichukua rula akajipima tena mwenyewe, mara mbili.