Narnia: Uanze na Kabati au na Kuumbwa kwa Nchi?

Swali ninaloulizwa zaidi na wazazi wanaowanunulia watoto vitabu saba vya C. S. Lewis kuhusu nchi ya Narnia ni hili: je, visomwe kwa mfuatano wa kuchapishwa au kwa mfuatano wa matukio? Lewis alianza na Simba, Mchawi na Kabati mwaka 1950, na kisa cha kuumbwa kwa nchi hiyo, Mpwa wa Mlozi, kikatoka mwaka 1955 kikiwa cha sita. Hata hivyo, tangu matoleo ya Kimarekani ya mwaka 1994, kitabu hicho cha sita kimepewa namba moja, na msomaji mgeni huanza nacho bila kujua kwamba kulikuwa na mpangilio mwingine.

Mimi nashikilia mfuatano wa kuchapishwa kwa usomaji wa kwanza, na ushahidi wangu umo ndani ya vitabu vyenyewe. Katika kitabu cha mwaka 1950, jina la Aslan, yule simba wa kichwa cha kitabu, linapotajwa kwa mara ya kwanza, msimulizi anasema kwamba watoto wanne wa kisa hicho hawakumjua Aslan ni nani, kama vile wewe msomaji usivyomjua. Aliyetangulia kusoma Mpwa wa Mlozi amekwisha kumwona Aslan akiimba hadi nchi nzima ikaumbika, kwa hiyo sentensi ile, iliyokusudiwa kumweka msomaji bega kwa bega na watoto, kwake si kweli tena. Vivyo hivyo, Lucy, mmoja wa watoto hao, anapokuta nguzo ya taa ikiwaka katikati ya msitu wenye theluji, tunapaswa kushangaa pamoja naye. Mpwa wa Mlozi kinaeleza kwamba nguzo hiyo iliota kutokana na kipande cha chuma kilichong'olewa kwenye taa ya London, nayo ni raha ya pekee kulipata jibu baada ya kuishi na swali kwa vitabu vitano.

Wanaotetea mfuatano wa matukio hutaja barua ya mwaka 1957, ambamo Lewis alimwandikia mvulana wa Kimarekani kwamba anaafiki mpangilio wake kuliko ule wa mama yake, aliyependelea wa kuchapishwa. Barua hiyo ni ya kweli, lakini ndani yake Lewis anasema pia kwamba huenda mpangilio wenyewe si jambo kubwa, na mimi sioni amri yoyote hapo. Kwa anayerudia kuvisoma, mfuatano wa matukio unafaa sana, kwa kuwa maajabu yale hayahitaji tena kufichwa.

Basi, ikiwa seti uliyo nayo imepewa namba kwa mfuatano wa matukio, usinunue nyingine. Anza na namba 2, endelea na 4, 5 na 6, kisha rudi kwenye 3 na 1, umalizie na 7. Namba 3, kisa cha farasi na mvulana wake, ndicho pekee ambacho ningekuachia ukisogeze upendavyo, mradi kisitangulie namba 2, kwa sababu matukio yake yanatokea wakati watoto wale wanne wakiwa tayari wanatawala Narnia.