BNP na NT-proBNP: namba isiyosomwa peke yake

Mtu akifika hospitali akihema kwa shida, swali la kwanza la daktari ni kama tatizo liko kwenye moyo au kwenye mapafu. Dalili zinafanana mno. Pumu, nimonia, mgando wa damu kwenye mishipa ya mapafu na kushindwa kwa moyo vyote vinaweza kumfanya mtu atwete namna ileile, na sauti zinazosikika kwenye stetoskopu huwapotosha hata madaktari wazoefu. Hapo ndipo huagizwa kipimo cha damu cha peptidi za natriuretiki. Kwenye karatasi ya maabara kipimo hicho huandikwa BNP au NT-proBNP.

Peptidi hizi ni protini fupi zinazotengenezwa na misuli ya moyo wenyewe. Ventrikali, yaani vyumba vya chini vya moyo, vikijaa damu kwa presha kubwa kupita kawaida, kuta zake hutanuka. Kutanuka huko kunaziamsha seli za misuli zitengeneze protini iitwayo proBNP, ambayo hukatwa ikawa vipande viwili. Kimoja ni BNP, na ndicho chenye kazi: hulegeza mishipa ya damu na kuzifanya figo zitoe chumvi na maji, ili moyo upungukiwe na mzigo. Kingine, NT-proBNP, hakina kazi inayojulikana, ila hukaa kwenye damu muda mrefu zaidi. Nusu ya BNP huondoka katika dakika 20 hivi, wakati NT-proBNP huchukua kama saa 1 hadi 2. Kwa hiyo namba za NT-proBNP huwa kubwa zaidi kwa mgonjwa yuleyule, na ni kosa kulinganisha BNP ya mwezi uliopita na NT-proBNP ya leo.

Kipimo hiki, basi, hakiuoni ugonjwa wenyewe. Kinachoonekana ni matokeo ya mambo matatu: ukuta wa moyo umetanuka kiasi gani, seli zimetengeneza peptidi kiasi gani, na mwili unaziondoa kwa kasi gani. Chochote kinachogusa mojawapo ya hayo matatu kitaibadilisha namba, hata kama hakihusiani na kushindwa kwa moyo.

Kwa mtu aliyebanwa pumzi ghafla, BNP iliyo chini ya pikogramu 100 kwa mililita, au NT-proBNP iliyo chini ya 300, huifanya dhana ya kushindwa kwa moyo iwe dhaifu sana. Hiyo ndiyo nguvu kubwa ya kipimo hiki: kinaondoa mashaka vizuri kuliko kinavyothibitisha. Upande wa kuthibitisha umri unaingia, kwa sababu peptidi hizi hupanda kadiri mtu anavyozeeka. Kwa NT-proBNP, kushindwa kwa moyo hudhaniwa zaidi ikivuka 450 kwa walio chini ya miaka 50, 900 kwa wenye miaka 50 hadi 75, na 1,800 kwa waliozidi hapo. Katikati ya 300 na viwango hivyo kuna eneo la kijivu, na wagonjwa wengi huangukia humo.

Kwa kuwa namba ndogo ndiyo inayoaminiwa zaidi, naona kosa linalostahili kueleweka kwa undani ni la namba ndogo inayodanganya. Sababu yake kuu ni unene uliopitiliza.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 64, mwenye kilo 104 na urefu wa sentimita 162. Uwiano wake wa uzito na urefu, yaani BMI, unakaribia 40. Ana shinikizo la juu la damu la miaka mingi. Kwa wiki kadhaa sasa hawezi kupanda ngazi bila kusimama njiani, usiku analala akiwa ameinuliwa na mito mitatu, na jioni miguu yake inavimba. Picha ya kifua haioneshi wazi, maana mwili mnene huififisha. BNP yake ni 78.

Kwa kanuni ya 100, moyo wake hauna lawama. Ni rahisi sana hapo kumwambia kuwa uzito ndio unaomchosha, au kumpa dawa ya kuvuta ya pumu na kumrudisha nyumbani. Lakini watu wenye unene mkubwa huwa na BNP na NT-proBNP za chini kuliko wembamba, hata moyo wao ukiwa mgonjwa. Maelezo ya awali yalikuwa kwamba mafuta ya mwili yana vipokezi vinavyoinasa BNP na kuiondoa kwenye damu. Maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu NT-proBNP haiondolewi na vipokezi hivyo, nayo pia hushuka. Maana yake ni kwamba hata utengenezaji wenyewe unapungua. Kwa sababu hiyo, kwa mtu mwenye BMI ya 35 au zaidi, mpaka wa BNP hushushwa hadi karibu 50. Ile 78 iliyoonekana salama sasa iko juu ya mpaka.

Mama huyu ana sababu ya pili ya kuwa na namba ndogo. Presha ya miaka mingi imeufanya ukuta wa ventrikali yake ya kushoto uwe mnene, huku nafasi ya ndani ikibaki ndogo. Mkazo unaoupata ukuta hutegemea presha iliyo ndani na upana wa chumba, kisha hugawanywa na unene wa ukuta. Kwa hiyo presha ya ndani inaweza kuwa juu kiasi cha kuyajaza mapafu maji, na bado kila seli ya ukuta ikavutwa kwa kiasi kidogo tu. Moyo wa namna hii husukuma damu kwa nguvu ya kawaida, tatizo lake ni kwamba haulegei vizuri unapojaa. Wagonjwa wenye kushindwa kwa moyo kwa aina hii huwa na peptidi za chini kuliko wale ambao ventrikali zao zimepanuka na kuchoka.

Kinachomwokoa ni daktari kuyaamini maelezo yake kuliko mpaka wa maabara. Kubanwa pumzi mtu anapolala chali, kuvimba miguu na mshipa wa shingo uliojaa ni sababu tosha ya kuomba kipimo cha eko, yaani altrasaundi ya moyo. Kwake eko inaonesha kuwa ventrikali inatoa asilimia 60 ya damu kwa kila pigo, jambo la kawaida kabisa. Ila chumba cha juu cha kushoto kimepanuka na presha ya kujaza iko juu. Akianzishiwa furosemidi, anakojoa maji yaliyozidi, uzito unashuka kwa kilo kadhaa, na anaweza kulala kwa mto mmoja. Nafuu hiyo nayo ni sehemu ya ushahidi.

Zipo hali nyingine ambazo namba hubaki chini wakati mgonjwa anaumwa kweli. Maji yakijaa kwenye mapafu ghafla, ndani ya saa moja hivi, ventrikali inakuwa haijapata muda wa kutengeneza peptidi za kutosha, kwani haina akiba kubwa. Kwenye kubana kwa vali ya mitrali, yaani mlango ulio kati ya chumba cha juu na cha chini cha kushoto, presha hujikusanya nyuma ya ventrikali ya kushoto, nayo haitanuki. Utando wa moyo ukikakamaa, au maji yakijaa kati yake na moyo, kuta huzuiwa kutanuka. Katika hali zote hizo ukitazama mahali presha ilipo na ukuta upi unaovutwa, namba ndogo haishangazi tena. Hata dawa za kupunguza maji alizokwisha kunywa mgonjwa kabla ya kutolewa damu huishusha.

Upande wa pili, yanayopandisha ni mengi zaidi. Fikiria mzee wa miaka 80 mwenye figo zinazofanya kazi kwa kama theluthi moja tu na mdundo wa moyo usio na mpangilio, ule uitwao atrial fibrilesheni. Amekuja na homa, kikohozi chenye makohozi, na pumzi inambana. NT-proBNP yake ni 2,600. Imevuka 1,800, na mtu aliye haraka anaweza kuandika kushindwa kwa moyo na kumpa dawa ya kukojoa pekee.

Lakini karibu kila kitu alichonacho mzee huyu kinapandisha namba hiyo. NT-proBNP hutolewa kwa sehemu kubwa na figo, hivyo figo zikidhoofika hubaki kwenye damu. Tena figo mbovu huzuia chumvi na maji, na moyo hutanuka kweli kwa mzigo huo, kwa hiyo si kila pikogramu iliyozidi ni mabaki tu. Mdundo usio na mpangilio nao huzivuta kuta za vyumba vya juu na kupandisha peptidi. Maambukizi makali huongeza juu ya hapo, hasa yakisambaa kwenye damu.

Swali linalosaidia kuliko yote hapa ni namba yake ilikuwa ngapi alipokuwa mzima. Kama miezi minne iliyopita, akiwa hana dalili yoyote, ilikuwa 2,400, basi 2,600 ya leo haina jipya. Peptidi hizi hubadilika kidogo zenyewe siku hadi siku, na ongezeko dogo namna hiyo ni la kawaida. Kama ilikuwa 700, habari ni nyingine. Pasipo namba ya zamani, inabidi kutegemea mishipa ya shingo, picha ya kifua na altrasaundi ya mapafu, huku nimonia ikitibiwa kwa antibayotiki. Tena magonjwa hayo mawili yanaweza kuwapo pamoja: nimonia mara nyingi ndiyo inayousukuma moyo dhaifu ukashindwa.

Kisababishi kimoja cha namba kubwa kina hatari yake ya pekee, nacho ni mgando wa damu kwenye mishipa ya mapafu. Ventrikali ya kulia hulazimika kusukuma dhidi ya kizuizi, inatanuka, nayo hutoa peptidi zilezile. Kipimo hakitofautishi kulia na kushoto. Mtu aliyebanwa pumzi ghafla, mapafu yake yakisikika safi na picha ya kifua ikiwa haina maji, asipewe jina la kushindwa kwa moyo kwa sababu tu BNP iko juu, bali mgando utafutwe kwanza. Shinikizo la juu kwenye mishipa ya mapafu, liwe limetokana na ugonjwa sugu wa mapafu au chanzo kingine, huleta picha inayofanana na hiyo, ila polepole. Shambulio la moyo, upungufu mkubwa wa damu na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi pia hupandisha.

Dawa moja huzitenganisha namba hizi mbili. Sakubitrili, inayotolewa pamoja na valsatani kwa wenye kushindwa kwa moyo, huzuia neprilisini, kimeng'enya kinachovunja BNP. Hivyo BNP inaweza kupanda hali mgonjwa anaendelea vizuri. NT-proBNP haivunjwi na kimeng'enya hicho, nayo hushuka moyo ukipata nafuu. Mgonjwa anayetumia dawa hii akirudi na kubanwa pumzi, kipimo cha kuagiza ni NT-proBNP, na maabara iambiwe hivyo kwa jina.