Jeki ya chaji "kucheza" maana yake nini?

Fundi wa laptopu akikwambia jeki inacheza, anasema lile tundu unamochomeka chaja limelegea au limevunjika ndani, hivyo umeme unaingia na kukatika. Tundu hilo lina pini katikati na bamba la chuma pembeni. Kwenye laptopu nyingine jeki ina nyaya zake fupi zinazochomekwa kwenye bodi, na kuibadilisha ni rahisi. Kwenye nyingine miguu yake imechomelewa kwa risasi juu ya bodi yenyewe, na hapo ndipo kuna kazi. Waya ukivutwa kila siku, risasi inapasuka kuuzunguka mguu, ufa mwembamba kama unywele ambao bila lenzi huuoni.

Mama mmoja anayechapa kazi za watu karibu na stendi ya Kisumu aliniletea yake. "Fundi, inazima ghafla, nimeambiwa bodi imeharibika." Betri yake ilikufa zamani, kwa hiyo umeme ukikatika hata kufumba na kufumbua, mashine inazima na barua aliyokuwa akichapa inapotea. Betri ingekuwa nzima, angeona tu kioo kinafifia kidogo na taa ya chaji kuzimika. Ugonjwa ni uleule, ila dalili zinampoteza mtu.

Nilianza na chaja, kwa sababu waya wake hukatika ndani kwa ndani pale karibu na kichwa, na wengi hubadilishiwa jeki bila sababu. Chaja iliandikwa volti 19.5. Niliweka mita, nikaukunja waya huku na huku, namba haikushuka. Nikachomeka kwenye laptopu, nikasukuma kichwa cha chaja juu kidogo: taa ikazimika. Nikakiachia, ikawaka. Basi chaja ni nzima, shida iko kwenye jeki. Kama taa ingetulia na mashine bado inazima, ningeacha jeki nikaangalie feni na vumbi.

Nilipofungua, plastiki ya jeki ilikuwa imegeuka kahawia. Mahali palipolegea huleta ukinzani, na ukinzani huleta joto. Chaja ya wati 65 hupitisha takriban ampea 3.3, ukinzani wa nusu omu tu unatoa zaidi ya wati 5 za joto kwenye sehemu ndogo kama punje ya mahindi. Ndiyo maana sipendi ile dawa ya kufunga waya kwa mpira ili ukae sawa. Taa inawaka, ndiyo, lakini jeki inaendelea kuungua.

Plastiki ingekuwa nzima, ningeongeza risasi mpya kwenye miguu tu. Hii niliitoa, nikaweka nyingine, kisha nikatikisa kichwa cha chaja mara kumi, taa haikupepesa. Betri hakutaka kununua, kwa hiyo stima ikipotea mtaani kwao bado itazima, na hilo nilimwambia kabla hajalipa.